Duara Linaloukimbiza Moyo

Mwalimu alikuwa ameinama kuokota chaki. Aliponyanyuka, moyo ulikuwa tayari unakwenda mbio. Haukupanda taratibu kama wa mtu aliyekimbilia daladala. Uliwaka ghafla, kama taa iliyobonyezwa swichi. Shingo ilimdunda mpaka akaona kola ya shati inatikisika. Aliketi, akawaambia wanafunzi wasome kimya. Baada ya dakika 20 hivi moyo ulirudi kwenye mwendo wake kwa ghafla ileile, na kabla kipindi kilichofuata hakijaisha alikuwa amekwenda chooni mara tatu, mkojo mwingi na mweupe kama maji.

Huyu ni mwalimu wa mfano tu. Nimempa miaka 34 na kazi ya kufundisha sekondari mjini Tanga, lakini dalili zake ni zile zinazosimuliwa na wagonjwa wa kweli kila mahali. Kuinama, kuanza ghafla, kukoma ghafla, kudunda shingoni, kisha mkojo mwingi. Hata huo mkojo una sababu yake: vyumba vya juu vya moyo vinapotanuka kwa msongamano wa damu hutoa homoni inayoziamuru figo kumwaga maji.

Kwa miaka miwili mwalimu alikwenda hospitali mara nne. Kila alipofika moyo ulikuwa umeshatulia. Kipimo cha umeme wa moyo, yaani ECG, kilionyesha mapigo 78 yaliyonyooka. Presha safi, damu safi. Aliambiwa apunguze mawazo. Shangazi yake alikuwa na maelezo mengine, ya majirani wasiomtakia mema. Siwalaumu sana walioona hofu pale penye umeme, maana mtu ambaye moyo wake umeruka ghafla mpaka mapigo 190 hutetemeka, hutoka jasho na kudhani anakufa. Katika utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1997, wagonjwa 107 waliothibitishwa kuwa na tatizo hili walichunguzwa upya, na takriban theluthi mbili yao walikuwa na dalili zinazotosha kabisa kuitwa ugonjwa wa hofu.

Shida ni kwamba ECG hupiga picha ya dakika ileile. Mbio zikishakoma, kwa wagonjwa wengi karatasi haina alama yoyote. Ndiyo maana ushauri wenye thamani kuliko wote kwa mtu wa aina hii ni huu: mbio zikianza, nenda sehemu ya karibu yenye mashine ya ECG zikiwa bado zinaendelea, na ukishapimwa omba nakala ya karatasi hiyo. Kipande kile cha karatasi kitamfaa daktari wa moyo kuliko maelezo ya saa nzima.

Kwenye cheti huandikwa SVT, herufi za Kiingereza zenye maana ya mbio za moyo zinazotoka juu ya vyumba vya chini. Ni jina la familia, wala si la ugonjwa mmoja. Mwalimu wetu ana aina inayoonekana zaidi ya nyingine zote, na hiyo ndiyo nitakayoifuata.

Umeme wa moyo huanzia juu, upande wa kulia, ukasambaa kwenye vyumba viwili vya juu, kisha ukapita mlango mmoja tu kwenda vyumba vya chini. Mlango huo ni fundo dogo la tishu lililo katikati ya moyo. Mjapani Sunao Tawara alilieleza mwaka 1906, baada ya utafiti alioufanya Marburg, Ujerumani. Kazi ya fundo hilo ni kuuchelewesha umeme kidogo, ili vyumba vya juu vimalize kumimina damu kabla vya chini havijaisukuma nje.

Kwa baadhi ya watu umeme una njia mbili za kuingilia kwenye fundo hilo, na hazifanani. Moja ni kama barabara ya lami: umeme huipita upesi, lakini kila baada ya gari kupita, geti hufungwa na huchelewa kufunguliwa tena. Nyingine ni barabara ya vumbi: mwendo wake ni wa polepole, ila geti lake hufunguka mapema. Siku zote umeme hupita lami, na ule wa vumbini hufika umechelewa ukakuta kazi imekwisha. Mtu anaweza kuishi miaka 80 na njia zote mbili asijue.

Kisha siku moja linatokea pigo la ziada, lile ambalo kila mmoja wetu huwa nalo na ambalo watu husema moyo umeruka. Linafika kwenye lami mapema mno, geti bado limefungwa. Linageukia vumbini, ambako geti liko wazi, na kushuka polepole. Kwa kuwa limechelewa njiani, likifika chini linakuta geti la lami limeshafunguliwa, basi linapanda kwa njia ya lami kurudi juu. Juu linakuta njia ya vumbi iko wazi tena. Duara limefungwa. Umeme unazunguka wenyewe kwa wenyewe, kila mzunguko ukichukua kama theluthi moja ya sekunde, na kila mzunguko unapiga pigo moja la moyo. Hiyo ni karibu mapigo 190 kwa dakika, na hakuna kinachoyaongoza isipokuwa lile duara.

Ndiyo sababu linaanza kama swichi na kuzimika kama swichi. Duara halina nusu: ama linazunguka, ama halizunguki. Mbio zitokanazo na homa, upungufu wa damu, tezi ya shingo iliyozidisha kazi au wasiwasi wenyewe hupanda na kushuka kama mtu anayepanda kilima. Daktari anayemwuliza mgonjwa, “Huanzaje, na huishaje?” ameshaanza kutenganisha haya mawili kabla hajagusa mashine.

Tena duara lina udhaifu mmoja mkubwa, na matibabu yote yanategemea udhaifu huo. Huhitaji kulifunga kwa saa nzima. Umeme ukifika mahali pamoja ukakuta pamefungwa, hata kwa kufumba na kufumbua, duara limekufa.

Jumamosi moja mbio za mwalimu zilikataa kukoma. Dakika 50 zilipita, mume wake akaita bajaji. Hospitalini ECG ilionyesha mapigo 188, yaliyonyooka sawasawa, mistari yake myembamba. Presha ilikuwa 112 kwa 70, na alikuwa akijibu maswali vizuri. Hilo la mwisho ndilo lililoamua mambo. Kama angekuwa amechanganyikiwa, presha imeporomoka, anapoteza fahamu au kifua kinambana vibaya, wasingepoteza muda na dawa. Angelazwa kwa dawa ya usingizi na kupewa mshtuko wa umeme uliopangwa kwenda sambamba na pigo la moyo.

Kwa kuwa alikuwa imara, walianza na breki aliyozaliwa nayo. Neva ya vagasi inashuka kutoka kwenye ubongo hadi kwenye moyo, na ikiamka hupunguza mwendo wa umeme hasa kwenye lile fundo la katikati. Njia inayotumiwa zaidi kuiamsha ina jina la Antonio Maria Valsalva, tabibu wa Bologna, aliyeieleza katika kitabu chake cha mwaka 1704, ingawa yeye alikuwa akishughulika na masikio.

“Mwalimu, puliza hapa,” muuguzi alimwambia, akimpa bomba la sindano la mililita 10 lisilo na sindano. “Puliza kwa nguvu mpaka hiki kijiti kianze kusogea, na usiachie mpaka nikwambie.” Alipuliza sekunde 15 akiwa ameegemea kitandani. Alipoacha tu, kitanda kililazwa chini na muuguzi akamnyanyua miguu yote miwili mpaka nusu ya kusimama, akaishikilia sekunde 15 nyingine.

Wengi hudhani kazi inafanywa na kule kupuliza. Sivyo. Mtu anapojikamua, kifua hujaa shinikizo na damu inayorudi moyoni hupungua. Anapoachia, damu iliyokuwa imezuiliwa humiminika kwa mkupuo, presha hupanda ghafla, na vihisio vilivyo kwenye mishipa mikubwa ya shingo na kifua huupigia ubongo kelele kwamba presha imezidi. Hapo ndipo vagasi inapokanyaga breki. Kumlaza mgonjwa na kumnyanyua miguu kunaongeza damu ya ule mkupuo. Jambo hili rahisi lilijaribiwa katika hospitali 10 za Uingereza, matokeo yakachapishwa mwaka 2015: waliopuliza wakabaki wameketi, moyo ulitulia kwa 17 katika kila 100, waliolazwa na kunyanyuliwa miguu mara baada ya kupuliza, ni 43 katika kila 100. Sijui matibabu mengine yanayoongeza mafanikio kwa kiasi hicho bila kugharimu hata shilingi.

Hili la kupuliza mgonjwa anaweza kufundishwa alifanye nyumbani, madhali daktari amethibitisha aina ya mbio zake na hana ugonjwa mwingine wa moyo. Mbinu ya kukanda mshipa wa shingo ni ya daktari, upande mmoja tu kwa sekunde chache, na si kwa mzee mwenye mishipa iliyoziba au aliyewahi kupata kiharusi, kwa maana kipande cha uchafu wa mshipa kinaweza kung’oka kikaenda kwenye ubongo. Kubonyeza mboni za macho, ambako bado kuna wanaokushauri, kuacheni kabisa. Kunaweza kuharibu jicho.

Mwalimu alipuliza mara mbili. Moyo ulisita, mapigo yakashuka kidogo kwa muda, kisha yakaendelea na 188 zao.

Ndipo ikaletwa adenosini. Si kitu kigeni mwilini, kwani chembe zetu huitengeneza kila siku. Mwaka 1929, Cambridge, Alan Drury na Albert Szent-Györgyi walieleza jinsi dondoo ya aina hiyo kutoka kwenye misuli ya moyo inavyopunguza mwendo wa moyo wa mnyama. Ikichomwa kwenye mshipa hufunga lile fundo la katikati kwa sekunde chache, kisha inatoweka, kwa sababu chembe nyekundu za damu na kuta za mishipa huifyonza na kuivunja karibu papo hapo. Nusu yake huwa imekwisha katika muda usiofika sekunde 10.

Uzuri wake na usumbufu wake vyote vinatoka hapo. Dozi ya kwanza kwa mtu mzima ni miligramu 6, na kwa mwalimu haikufanya kitu. Wala si kwamba dawa ilikuwa mbovu. Kanula yake ilikuwa ndogo, tena nyuma ya kiganja, na dawa ilisukumwa taratibu kama zinavyosukumwa dawa nyingine. Mpaka ipande mkono mzima ifike moyoni, ilikuwa imeshaliwa njiani. Kosa hili ni la kawaida, na dalili yake ni rahisi kuitambua: mgonjwa hahisi chochote na ECG haibadiliki hata kidogo. Dawa iliyofika moyoni huhisiwa.

Waliweka kanula nene kwenye mshipa wa kiwiko. Safari hii dozi ilikuwa miligramu 12, ikasukumwa kwa kasi ya kufumba jicho, na nyuma yake hapohapo mililita 20 za maji ya chumvi, mkono ukiwa umenyanyuliwa juu. Mashine ya ECG ilikuwa ikichapa muda wote, na mashine ya mshtuko iko pembeni, kwani mara chache dawa hii huvuruga mapigo ya vyumba vya juu. Daktari alikuwa amemwonya: “Utajisikia vibaya sana, Mwalimu. Kama kitu kimekukalia kifuani. Hesabu mpaka ishirini, kitapita.”

Onyo hilo ni sehemu ya tiba. Mtu asiyeonywa hudhani roho inatoka. Uso ulimpanda joto, kifua kikabana, na kwenye karatasi mstari ukanyooka: hakuna pigo. Sekunde moja, mbili, tatu, nne. Kisha pigo moja, la pili, na moyo ukarudi kwenye 92. Duara lilikuta njia imefungwa, likafa. Kwa jumla dawa hii hufanikiwa kwa wagonjwa 9 kati ya 10 wenye mbio zinazotegemea fundo la katikati, ikichomwa ipasavyo.

Mwenye pumu inayombana wakati huo hapewi, kwa kuwa adenosini inaweza kuyafunga mapafu zaidi. Kwake hutumika verapamili, ikisukumwa polepole kwa dakika mbili au zaidi. Anayetumia aminofilini anaweza kuhitaji dozi kubwa, kwani dawa hiyo hukaa kwenye vishikizo vilevile ambavyo adenosini huvitafuta. Kafeini hufanya hivyohivyo, kwa hiyo wale wa kahawa chungu barazani na wamtajie daktari vikombe vyao.

Ila kuna karatasi moja ya ECG ambayo daktari akiiona hurudisha bomba kwenye trei. Ni ile yenye mapigo ya kasi sana, mistari mipana, na nafasi zisizolingana. Baadhi ya watu huzaliwa na waya wa ziada unaounganisha vyumba vya juu na vya chini mbali na mlango wa katikati, hali iliyoelezwa na Wolff, Parkinson na White mwaka 1930. Vyumba vya juu vya mtu huyo vikianza kutetemeka ovyo, ukifunga mlango wa katikati unaacha fujo yote ipite kwenye waya wa pembeni usio na kizuizi. Moyo unaweza kusimama. Hapo ni mshtuko wa umeme, au dawa nyingine zisizogusa fundo.

Mwalimu alitoka hospitali siku ileile akiwa na karatasi mbili mkononi, ya mbio na ya kule kusimama. Alipewa vidonge vya kupunguza mapigo. Vilimchosha, na mbio zilirudi mara tatu katika miezi minne. Hapo ndipo aliposikia kwa mara ya kwanza kwamba njia ya vumbi inaweza kuchomwa.

Wazo lenyewe lilianzia kwenye kisu. Mwaka 1968, katika Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, Will Sealy alipasua kifua cha mvuvi mmoja mwenye waya wa ziada na kuukata. Miaka ya 1980 Melvin Scheinman, San Francisco, alionyesha kwamba unaweza kufika ndani kwa katheta iliyopitishwa kwenye mshipa, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 joto la mawimbi ya redio likachukua nafasi ya mshtuko mkali uliokuwa ukitumika.

Siku ya kazi mgonjwa huwa ameacha vidonge siku kadhaa nyuma, kwa sababu daktari anataka mbio zitokee. Hupigwa ganzi juu ya paja la kulia, karibu na kinena, na katheta tatu au nne nyembamba kama waya wa simu hupandishwa kwenye mshipa hadi moyoni, zikitazamwa kwa eksirei. Kupitia ncha zake moyo hupigwapigwa kwa mapigo madogo ya umeme yanayowahi, mpaka lile duara liwake. Mwalimu aliyahisi yaleyale ya darasani, ila sasa kuna mtu aliyekuwa akiyasoma kwenye skrini na kusema, “Ndiyo haya.” Mbio zilizimwa kwa mapigo hayohayo.

Kisha likaja swali la wapi pa kuchoma. Zamani walichoma njia ya lami, na wagonjwa kadhaa waliishia na mlango mzima kufungwa. Siku hizi huchomwa ya vumbi, iliyo chini zaidi, mbali na waya mkuu wa kushuka vyumba vya chini. Umbali wenyewe ni wa milimita chache. Ncha ya katheta huegemezwa hapo na kupashwa moto hadi nyuzi 50 au 60 kwa muda wa sekunde 30 hadi 60. Tishu inapoungua vizuri hutoa mapigo machache yake yenyewe, ya polepole, na daktari hufurahi akiyaona. Akiona umeme umeanza kuchelewa kupita kati ya juu na chini, huondoa mguu kwenye swichi papo hapo. Baadaye hujaribu tena na tena, kwa nusu saa hivi, kuliwasha duara. Likikataa, kazi imekwisha.

Kwa aina hii ya SVT, wagonjwa zaidi ya 95 katika 100 hupona, na wachache mno hurudiwa. Hatari ambayo kila mgonjwa lazima aambiwe kabla hajatia sahihi ni kuunguza mlango wenyewe. Hutokea kwa asiyefika mmoja katika 100, na huyo huhitaji betri ya moyo. Uvimbe wa damu pajani ni wa kawaida zaidi na kwa kawaida huisha wenyewe. Waya wa ziada nao huchomwa kwa mafanikio makubwa, ingawa hurudi mara nyingi kidogo kuliko njia ya vumbi. Mbio zinazotoka kwenye doa moja la chumba cha juu ni ngumu zaidi. Na mbio za homa, damu kidogo au tezi hazichomwi kabisa.

Si kila mtu anahitaji kufika huko. Anayepatwa mara moja kwa miaka miwili, akapuliza bomba na kupona sebuleni, anaweza kukaa na duara lake maisha yote bila kupungukiwa na kitu. Ningelipima jambo hili tofauti kwa dereva wa lori la masafa, kwa nahodha anayelala siku tatu baharini, kwa mwanamke anayepanga ujauzito na hataki kuubeba pamoja na vidonge, na hasa kwa mwenye waya wa ziada aliyewahi kuzimia. Vyumba vya kazi hii si vingi katika ukanda wetu, na hospitali yenye daktari wa moyo haimaanishi ina daktari wa umeme wa moyo. Swali la kuuliza kabla ya kukata tiketi ni kama wanaotibu wanapima mzunguko wa umeme ndani ya moyo, na kwa mwaka wanachoma wagonjwa wangapi.

Mwalimu alilala chali saa tano bila kukunja mguu, akarudi nyumbani kesho yake, na kwa wiki nzima hakuinua ndoo. Wiki ya tatu alikuwa ubaoni moyo uliporuka, pigo moja la ziada, lilelile la siku zote. Alishika ukingo wa meza akasubiri. Walikuwa wamemwambia kwamba hayo ya ziada yangeendelea kwa muda, pengine hata kuongezeka kwanza, kwa sababu kuchoma hakuyagusi. Pigo lilifika kwenye geti la lami, likakuta limefungwa, na safari hii pembeni hapakuwa na njia nyingine. Alihesabu mpaka kumi, akageuka na kuendelea kuandika.